Chesi: Siku ambayo kuwa na zamu ni hasara

Mwaka 1923, mjini Copenhagen nchini Denmark, Friedrich Sämisch wa Ujerumani alisimamisha mchezo wake na kukubali kwamba ameshindwa. Mtu aliyepita karibu na meza na kutazama ubao angeshangaa. Sämisch alikuwa bado na malkia wake. Ngome zake zote mbili zilikuwepo. Alikuwa hata na kete moja kubwa zaidi ya mpinzani wake, Aron Nimzowitsch, ambaye katikati ya mchezo alitoa farasi na kupata askari wawili tu. Mfalme wa Sämisch hakuwa ametishwa. Na hatua ya mwisho ya Nimzowitsch, ya 25, ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha: alisogeza askari wa pembeni nyumba moja, kutoka h7 kwenda h6, kama mtu anayesema, “Mimi nimemaliza, sasa cheza wewe.”

Shida ya Sämisch ilikuwa hapo hapo kwenye neno “cheza”. Kete zake zilikuwa zimebanwa. Aliyoweza kuyasogeza bila hasara ya papo hapo yalikuwa machache, nayo yangekwisha baada ya zamu chache. Baada ya hapo, kila hatua ingempotezea kitu. Mchezo huo umeingia katika vitabu kwa jina la “zugizwangi isiyokufa”.

Zugizwangi ni neno la Kijerumani, na Wajerumani wenyewe hulitamka karibu na “tsugtsvang”. Limeundwa kwa maneno mawili, moja likiwa na maana ya hatua ya kucheza na jingine likiwa na maana ya kulazimishwa. Wachezaji wa chesi, mchezo ambao vitabu vya Kiswahili huuita sataranji na ambao Wakongo wengi wanaujua kwa jina la Kifaransa, eshek, wamelichukua neno hilo jinsi lilivyo kwa sababu lugha nyingi hazina neno fupi la hali hiyo: mchezaji yuko salama mahali alipo, lakini ni zamu yake, na kila hatua anayoweza kucheza inamharibia.

Sheria inayozaa hali hiyo ni moja tu. Katika chesi hakuna kupitisha zamu. Nyeupe anacheza, kisha Nyeusi, kisha Nyeupe tena, mpaka mwisho. Anayecheza dame kwenye kibaraza anaijua sheria hiyo, maana huko pia hakuna kukaa kimya, na mwenye kukosa pa kusogeza anahesabiwa ameshindwa. Chesi inatofautiana hapo. Mchezaji ambaye mfalme wake hatishwi na ambaye hana hata hatua moja halali hashindwi. Mchezo unakwisha sare, na kila mmoja anapata nusu pointi. Wanaojifunza kwa Kifaransa huita hali hiyo pati. Kwa hiyo mtu aliye kwenye zugizwangi hajakosa hatua. Anazo, na hiyo ndiyo taabu yake.

Kwa sehemu kubwa ya mchezo, jambo hili halimhusu mtu. Mwanzoni na katikati, kuwa na zamu ni faida. Ubao umejaa kete, kuna kitu cha kuboresha kila upande, na anayepata hatua moja ya ziada anafika mbele ya mwenzake. Ndiyo maana Nyeupe, anayeanza, huhesabiwa kuwa na nafasi nzuri kidogo. Mambo yanageuka mwishoni, wakati kete kubwa zimekwisha na kila mmoja amebaki na mfalme na askari wachache, wale wadogo ambao wengi huwaita pioni. Mfalme ndiye mlinzi pekee aliyebaki, na mlinzi anayelazimishwa kutembea anaacha mlango wazi.

Kuna kipimo cha kutambua zugizwangi ya kweli, nacho ni swali moja: je, kama mchezaji huyu angeruhusiwa kukaa kimya zamu moja, angeokoka? Jibu likiwa ndiyo, ni zugizwangi. Likiwa hapana, basi ameshindwa kwa njia ya kawaida tu, kwa sababu mpinzani anamtisha kwa nguvu ambayo angeitumia hata hivyo. Kwa kipimo hicho hata mchezo wa Copenhagen umebishaniwa. Wachambuzi wengine walisema Nimzowitsch alikuwa na vitisho vingine vya kutosha, kwa hiyo ruhusa ya kukaa kimya isingemsaidia sana Sämisch. Jina la mchezo limebaki, lakini kwa mtu anayetaka kuona jambo lenyewe likiwa safi, mfano mzuri zaidi una kete tatu tu.

Kwa asiyezoea namna ya kuandika chesi: safu za wima za ubao zina herufi a mpaka h, kuanzia kushoto kwa Nyeupe, na safu za ulalo zina namba 1 mpaka 8, kuanzia upande wake. Nyumba e8 basi iko kwenye safu ya e, mwisho kabisa upande wa Nyeusi. Askari wa Nyeupe akifika safu ya 8 anageuzwa kuwa malkia, na kwa kawaida mchezo unakuwa umekwisha.

Sasa weka mfalme mweupe kwenye d6, askari mweupe kwenye e7, na mfalme mweusi kwenye e8, mbele kabisa ya askari huyo. Hakuna kete nyingine. Askari anahitaji hatua moja tu awe malkia, lakini mfalme mweusi amekaa juu ya nyumba hiyo.

Ikiwa ni zamu ya Nyeusi, anatafuta pa kwenda. Hawezi kumla askari wa e7, kwa kuwa mfalme mweupe anamlinda. Hawezi kwenda d7, kwa kuwa wafalme hawaruhusiwi kugusana. Hawezi kwenda d8 wala f8, kwa kuwa askari wa e7 anapiga kwa mshazari nyumba hizo mbili. Imebaki f7 peke yake. Anakwenda f7, mfalme mweupe anaingia d7, na hakuna wa kumzuia tena askari asiwe malkia. Nyeusi hakutishwa na mtu. Alifukuzwa na zamu yake mwenyewe.

Kete zikiwa pale pale, sasa iwe zamu ya Nyeupe. Mfalme wake akisogea mbali na e7, askari analiwa na hakuna tena cha kushindania. Nyumba ambazo bado zingemlinda askari ni e6, na d7, d8, f8 na kadhalika, ambazo ama mfalme mweusi anazigusa au mfalme mweupe hawezi kuzifikia kwa hatua moja. Anabaki na e6. Akienda e6, Nyeusi anatazama: d7 na f7 zimeshikwa na mfalme, d8 na f8 zimeshikwa na askari, na e7 inalindwa. Hana hatua hata moja na hatishwi. Ni pati, sare.

Kwa hiyo ubao ni uleule, kete ni zilezile, na tofauti ya ushindi na nusu pointi ni swali la nani aliyecheza mwisho. Hali ya namna hii, ambapo kila upande ungefurahi mwenzake acheze, huitwa zugizwangi ya pande mbili. Wachezaji wazuri wanazijua chache kati ya hizo kwa moyo na wanapanga hatua zao mapema ili wafike pale zamu ikiwa ya mwenzao.

Namna ya kufika ndiyo inayowaponza wengi. Rudi nyuma hatua chache. Mfalme mweupe yuko e5, askari wake e6, mfalme mweusi yuko e7, na ni zamu ya Nyeusi. Lazima arudi nyuma, na anazo nyumba tatu za kurudia: d8, e8 na f8. Kwa macho zinafanana. Anayecheza kwa haraka, saa ikimkimbilia, mara nyingi huchagua d8 au f8, akiona kwamba bado yuko karibu na askari. Hapo ameshapoteza.

Akienda d8, Nyeupe anaweka mfalme wake d6, moja kwa moja mbele ya mfalme mweusi, nyumba moja ikiwa katikati yao. Ni zamu ya Nyeusi. Anakwenda e8, askari anapanda mpaka e7, na tumerudi kwenye hali ile ya kwanza zamu ikiwa ya Nyeusi. Anafukuzwa kwenda f7, na askari anakuwa malkia. Akienda f8 badala ya d8, ni hadithi ileile kwa upande wa pili, mfalme mweupe akipita f6.

Akienda e8, kila kitu kinabadilika. Nyeupe akija d6, Nyeusi anakwenda d8. Nyeupe akija f6, Nyeusi anakwenda f8. Kila mara Nyeusi ndiye anayejiweka mbele ya mfalme mweupe, na zamu inarudi kwa Nyeupe. Sasa askari akipanda e7, anamtisha mfalme aliyeko d8, Nyeusi anakwenda e8, na Nyeupe anajikuta katika upande mbaya wa hali ile ya kwanza: e6 na sare, au kumwacha askari aliwe.

Kutoka hapo wachezaji hupata alama nyepesi ya kukumbuka mezani. Askari akiingia safu ya 7 huku akimtisha mfalme, kwa kawaida ni sare. Akiingia kimya, bila kumtisha, mwenye askari ameshinda. Alama hiyo haifai kwa askari wa pembeni kabisa, wa safu ya a au h, kwa sababu mfalme anayejikinga kwenye kona hawezi kufukuzwa kwa upande wa pili wa askari, ambapo ubao umekwisha.

Mfano huo ulikuwa wa ushindi dhidi ya sare. Upo mwingine ambao ni mkali zaidi, kwa kuwa mwenye zamu anashindwa kabisa, awe nani. Wafaransa wameupa jina la trebushe, neno ambalo kwao ni mtego wa ndege na pia mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Maana zote mbili zinafaa.

Askari mweupe yuko e4 na askari mweusi e5. Wamegongana uso kwa uso, hakuna anayeweza kusonga. Mfalme mweupe yuko f5, mfalme mweusi yuko d4. Kila mfalme anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: anamlinda askari wake na anamvizia askari wa mwenzake. Mizani imetulia. Lakini mwenye zamu lazima aondoke. Nyeupe akitafuta nyumba nyingine ya kumlindia askari wake, anaona f4 inapigwa na askari mweusi, na e5 inalindwa na mfalme mweusi. Anaondoka, mfalme mweusi anakula e4, na askari mweusi aliyebaki atasindikizwa na mfalme wake mpaka awe malkia. Iwapo ni zamu ya Nyeusi, geuza maneno hayo yote.

Katika trebushe ndipo hesabu ndogo za mbali zinapoamua mchezo. Tuseme kila upande una askari mmoja zaidi kwenye safu ya a: Nyeupe yuko a2, Nyeusi yuko a5, na ni zamu ya Nyeupe. Askari ambaye hajawahi kusogea ana ruhusa ya kwenda nyumba moja au mbili. Nyeupe akisogeza moja, mpaka a3, Nyeusi anajibu a4, askari hao wawili wanabanana, na zamu inarudi kwa Nyeupe. Mfalme wake lazima aondoke f5, na ameshindwa. Nyeupe akisogeza mbili, mpaka a4, askari wa a5 hana pa kwenda, na sasa ni mfalme mweusi anayelazimika kuondoka d4. Askari wa e5 analiwa, na ushindi unahamia upande wa Nyeupe.

Hatua za namna hiyo ni akiba. Mchezaji aliyemsogeza askari wake wa a2 bila sababu nusu saa kabla, kwa kukosa la kufanya tu, ametumia akiba yake bila kujua. Ndiyo maana walimu huwaambia wanafunzi wasiguse askari wa pembeni ovyo. Mwanafunzi huona ushauri huo ni wa woga mpaka siku ya kwanza anapofika kwenye trebushe bila akiba.

Lakini je, kama hakuna akiba ya askari, na zamu iko upande mbaya? Hapo mfalme mwenyewe anaweza kujaribu kumrudishia mwenzake zamu. Mfano unaotumiwa sana unatoka kwenye mchezo wa mwaka 1912 kati ya Hans Fahrni wa Uswisi na Semyon Alapin wa Urusi.

Nyeupe alikuwa na mfalme d5, na askari wawili, a5 na c6. Nyeusi alikuwa na mfalme c8 na askari mmoja, a6. Askari wa safu ya a wamebanana, hawatasogea tena. Nyeupe ana njia mbili za kushinda: kumpitisha mfalme wake c5 na kuingia b6 ili amle askari wa a6, au kuingia d6 na kumsukuma askari wa c. Nyeusi ana mfalme mmoja wa kulinda milango yote miwili.

Ukijaribu moja kwa moja, haitoshi. Nyeupe akienda d6, Nyeusi anakwenda d8. Askari akipanda c7 anamtisha mfalme, Nyeusi anakwenda c8, Nyeupe anamlinda askari kwa c6, na ni pati, kwa kuwa askari wa a6 naye amebanwa. Nyeupe akienda c5, Nyeusi anakwenda c7 na kusimama mbele yake, mlango wa b6 umefungwa. Kwa kila nyumba ya hatari ya Nyeupe, Nyeusi ana nyumba moja ya kujibia: kwa d6 ni d8, kwa c5 ni c7, na kwa d5 ni c8.

Ila angalia d5 na c8 zikiwa hivyo hivyo, lakini zamu ikiwa ya Nyeusi. Lazima aondoke c8. Akienda c7, Nyeupe anakuja c5, Nyeusi lazima arudi nyuma tena, na mfalme mweupe anaingia b6 kumla askari. Akienda d8, Nyeupe anakuja d6, Nyeusi anarudi c8, askari anapanda c7 kimya bila kumtisha mtu, Nyeusi anafukuzwa b7, na Nyeupe anaingia d7. Akienda b8, ni vilevile. Kwa hiyo Nyeupe hahitaji kuboresha kitu chochote. Anachohitaji ni kufika hapo hapo alipo, d5, mwenzake akiwa hapo hapo alipo, c8, lakini zamu ikiwa ya mwenzake.

Njia ni kuzunguka pembetatu. Mfalme mweupe anakwenda c4. Kutoka hapo anaweza kuingia c5 au kurudi d5, kwa hiyo Nyeusi anahitaji kusimama mahali ambapo anaweza kufikia c7 na c8 kwa hatua moja. Hawezi kukaa c8, maana ni zamu yake. Akienda c7 mara moja, Nyeupe anakuja c5 na amemshika. Anakwenda d8. Nyeupe sasa anakwenda d4. Ni nyumba nyingine ambayo kutoka hapo c5 na d5 zinafikiwa. Nyeusi anarudi c8, na Nyeupe anapanda d5.

Nyeupe amecheza hatua tatu, c4, d4, d5, na amerudi alipokuwa. Nyeusi amecheza mbili, d8 na c8, naye amerudi alipokuwa. Ubao haujabadilika hata nyumba moja. Zamu tu ndiyo imehama, na ni ya Nyeusi.

Kwa nini Nyeusi naye asizunguke pembetatu yake? Kwa sababu Nyeupe ana nyumba mbili za nyuma, c4 na d4, zinazogusana na ambazo zote zinatisha milango ileile, wakati Nyeusi hana jozi kama hiyo. Nyumba zinazogusa c7 na c8 kwa pamoja na ambazo ziko wazi ni b8 na d8, lakini hizo mbili hazigusani. Akiwa d8 hawezi kwenda b8 kwa hatua moja. Anayetaka kujua kama pembetatu itafaulu ndiyo hesabu anayopaswa kuifanya: ahesabu nyumba za kusubiria za kila upande, aone nani ana mbili zinazogusana.

Mfalme anaweza kupoteza zamu kwa namna hiyo. Kete nyingine nazo, isipokuwa moja. Farasi kila anaporuka hubadili rangi ya nyumba: akiwa kwenye nyeupe anatua kwenye nyeusi, akiwa kwenye nyeusi anatua kwenye nyeupe. Haiwezekani arudi alipotoka kwa hatua tatu, wala tano, wala idadi yoyote isiyogawika kwa mbili. Azunguke ubao mzima, farasi hawezi kupoteza zamu moja. Kete inayotembea kwa mshazari, ambayo wengi huiita askofu na Wafaransa huiita mwehu, haina kizuizi hicho. Inaweza kwenda kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa hatua moja au kwa mbili, ikitaka.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 1971 mjini Vancouver, Kanada, katika mchezo wa nne kati ya Bobby Fischer wa Marekani na Mark Taimanov wa Umoja wa Kisovyeti, kwenye mashindano ya kumtafuta atakayempinga bingwa wa dunia. Kete kubwa zilikwisha. Fischer alibaki na mfalme, askofu na askari. Taimanov alibaki na mfalme, farasi na idadi ileile ya askari. Askari wa Taimanov walikuwa wamesimama kwenye nyumba za rangi ambayo askofu wa Fischer alitembea, kwa hiyo mfalme na farasi walikuwa walinzi wa zamu, hawawezi kutoka.

Fischer hakukimbilia kushambulia. Kwa hatua nyingi alimhamisha askofu huku na huku, akigusa askari mmoja kisha mwingine, na kila mara Taimanov alipopanga walinzi wake sawasawa, askofu alichelewa kwa hatua moja na kumwachia zamu. Kila zamu iliyoachwa hivyo ilimrudisha mfalme mweusi nyuma kidogo, na mfalme wa Fischer akaingia upande wa kushoto wa ubao. Mwishoni farasi na mfalme wa Taimanov walikuwa mahali pazuri kuliko pote walipoweza kuwa, na ilikuwa zamu yao. Baada ya hatua hiyo ya lazima Fischer akamtoa askofu kwa ajili ya askari wa g6, akaanza kula wa upande wa pili kwa mfalme wake, na farasi peke yake hakuweza kuwafikia askari waliobaki wakikimbilia safu ya 8. Taimanov alishindwa mchezo huo, na pambano zima likaisha 6 kwa 0.